Haijakauka: namna ya kuvuka kutoka tukio la jana hadi fikra ya leo

(Hotuba kwa waandishi wa kumbukumbu na walimu wa Kiswahili, Jinja)

Mwenyekiti wetu, shikamooni wazee, na habari za asubuhi ndugu waandishi na walimu wenzangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya uandishi wa kumbukumbu. Uwanja huo ni mpana, nami nimechagua kona moja tu. Nitazungumza juu ya ile nafasi iliyo kati ya aya mbili, pale ambapo mwandishi amemaliza kutuonyesha jambo lililotokea zamani, na sasa anataka kutuambia analifikiriaje leo. Maandishi mengi ya kumbukumbu ninayoletewa nisome hufia hapo. Tukio limesimuliwa vizuri, unamwona mtu, unasikia mlango ukifunguka. Kisha aya inakwisha, inaanza nyingine, na msomaji anajikuta ameshushwa njiani. Hajui yuko mwaka gani, wala hajui anayesema naye ni mtoto wa zamani au mzee wa leo.

Ninyi walimu mtaniambia kwamba shuleni tunafundisha viunganishi. Ni kweli. Tunafundisha hata hivyo, aidha, vilevile, kwa upande mwingine, kwa hiyo. Hivyo ni viunganishi vya hoja. Vinafaa pale ambapo aya ya pili inapinga ya kwanza, au inaiongezea nguvu, au inatoa matokeo yake. Lakini kati ya tukio na fikra hakuna hoja ya kuunganisha. Kinachobadilika ni mambo mawili, wakati na ujuzi. Aliyekuwa pale alikuwa anajua machache, na anayeandika leo anajua zaidi. Ukiandika "Kwa hiyo" mbele ya fikra yako, msomaji atatafuta sababu na matokeo mahali ambapo hayapo, na tukio lako litageuka kuwa mfano wa kuthibitishia jambo fulani.

Kwa hiyo tutafute kiungo kingine. Nimekuja na aya za mwanamama mmoja wa Walukuba, ambaye ameniruhusu kuzisoma hapa bila kumtaja jina. Walukuba mnaijua, ule mtaa wa wafanyakazi hapa Jinja ambako watu wa makabila mengi waliishi mlango kwa mlango na Kiswahili kikawa ndicho cha kuazimiana chumvi. Mama yake alikuwa fundi katika duka la nguo la familia ya Kihindi hapa mjini. Anaandika juu ya mwaka 1972, mwaka ambao Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Nisikilizeni kwanza tukio lenyewe:

"Jioni moja mwishoni mwa Oktoba mwenye duka alikuja Walukuba akisukuma toroli. Ndani yake mlikuwa na cherehani ambayo mama alikuwa akiifanyia kazi dukani kwake, imefunikwa gunia. Akaishusha mwenyewe, akaiweka juu ya stuli mlangoni petu, akatoa kichupa mfukoni. Akatia mafuta kwenye vitundu vyake, tone moja tone moja, akazungusha gurudumu kwa mkono, akainamisha kichwa kusikiliza. Akazungusha tena. Kisha akamtazama mama akasema, 'Usiiache ikauke.' Mama akalia. Yule bwana akaondoka na toroli lake, nasi hatukumwona tena."

Na hii ndiyo aya iliyofuata katika mswada wake wa kwanza:

"Nikikumbuka siku hiyo leo, machozi hunilengalenga. Maisha ni safari ndefu yenye kukutana na kuachana. Sasa ninaelewa jinsi ilivyo vigumu kumpoteza mtu mliyezoeana naye."

Tulieni kidogo na aya hii ya pili, maana sote tunaijua. Sentensi yake ya kwanza ni ya kutangaza. Inasema, tahadharini, sasa nakumbuka. Lakini msomaji alikwisha kujua kwamba tunakumbuka, tangu alipousoma mwezi wa Oktoba. Sentensi ya pili ingeweza kufuata tukio lolote duniani, harusi au msiba au mwisho wa muhula. Ya tatu inatupa hisia ambayo toroli na kichupa vilikwisha kutupa, tena kwa nguvu zaidi. Kubwa kuliko yote, hakuna hata kitu kimoja kutoka kwenye tukio kilichovuka kuingia katika aya hii. Hamna cherehani, hamna mafuta, hamna mkono wala gurudumu. Msomaji alikuwa ameshika kitu mkononi, na mwandishi amemnyang'anya.

Nilimwuliza swali moja tu: ile cherehani iko wapi sasa? Akashangaa kidogo, akasema, iko chumbani kwangu. Nikamwuliza, inashona? Akasema, inashona, kwa nini isishone, tunaitia mafuta.

Hapo mvuko wote ulikuwa umepatikana, na ulikuwa kinywani mwake. Huu hapa mswada wa pili. Tukio linakwenda vilevile mpaka pale bwana yule anaposema, kisha linakatwa:

"Kisha akamtazama mama akasema, 'Usiiache ikauke.'

"Haijakauka. Mama aliitia mafuta mpaka macho yalipomwishia nguvu, akaniachia mimi kichupa, na sasa kila nikiifungua mjukuu wangu hunishikia tochi. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa na nilijua jambo moja tu, kwamba tumepata cherehani. Leo najua kwamba siku 90 zilikuwa zimeanza kuhesabiwa mwezi wa Agosti, na kwamba jioni hiyo zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Mtu aliyebakiwa na siku hizo alikuwa na masanduku ya kufunga na foleni za kupanga. Yeye alikuja kutia mafuta cherehani ambayo hakuwa na tumaini la kuishika tena."

Ndugu zangu, mvuko wa zaidi ya miaka 50 umefanywa na neno moja. Haijakauka. Tulitazame neno hilo kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna kazi tatu, na zote ni kazi ambazo lugha yetu inazifanya yenyewe bila kuazima.

Kazi ya kwanza ni ya wakati. Katika tukio, vitenzi vinavyosogeza kisa vilikuwa vya -li- na -ka-. Alikuja, akaishusha, akaiweka, akatoa, akatia. Mnajua jinsi -ka- inavyofanya kazi: inapokea tendo la nyuma na kulisogeza mbele, moja baada ya jingine, na maadamu mlolongo huo unaendelea msomaji anajua kwamba bado tuko jioni ile Walukuba. Kwa hiyo ishara ya kwanza kwamba tukio limesimama ni kukatika kwa -ka-. Huhitaji kutangaza. Sasa, ukiruka moja kwa moja kutoka -ka- kwenda -na-, msomaji hutikisika, kwa sababu moja iko jana kabisa na nyingine iko leo kabisa. Katikati yake lugha imetuwekea -me-, na katika kukanusha -ja-. Hizi ndizo zenye mguu mmoja jana na mguu mmoja leo. "Haijakauka" maana yake ni kwamba tangu jioni ile hadi ninapoandika, muda wote huo, jambo hilo halijatokea. Neno limeubeba muda wote ulio katikati. Baada yake unaweza kuingia kwenye -na- na hu- bila mtu kujikwaa: hunishikia tochi, leo najua.

Kazi ya pili ni ya kitu. Neno la mwisho la tukio ni "ikauke" na neno la kwanza la fikra ni "haijakauka". Mzizi ni uleule. Msomaji anavuka akiwa ameshika kitenzi kimoja, kwanza kama agizo la mtu wa zamani, kisha kama jibu la mtu wa leo. Hii ni bora kuliko kurudia jina la kitu peke yake. Angeweza kuandika "Cherehani hiyo ninayo mpaka leo," na isingekuwa vibaya, wengi wenu mngeridhika nayo. Lakini hiyo ingekuwa taarifa ya mali. "Haijakauka" ni jibu la agizo, na ndani yake mna utii wa nyumba nzima, ingawa neno utii halikuandikwa.

Kazi ya tatu ni ya ujuzi, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Katika tukio, macho ni ya mtoto. Mtoto anaona toroli, gunia, matone. Haoni kufukuzwa, kwa sababu hakujua kufukuzwa ni nini. Katika mswada wake wa kwanza kabisa, kabla hata ya huu niliowasomea, mwanamama huyu alikuwa ameandika katikati ya tukio, "akaishusha mwenyewe, maana serikali ilikuwa imewaamuru waondoke." Ile "maana" ilikuwa ya mtu mzima aliyejipenyeza nyuma ya mgongo wa mtoto. Tuliitoa, tukaiweka upande wa pili wa mvuko, pale anaposema "leo najua". Na sasa mvuko una sababu ya kuwepo. Tunavuka kwa kuwa upande wa pili kuna jambo ambalo upande wa kwanza halikuwapo. Kama upande wa pili huna jambo unalolijua leo ambalo hukulijua siku ile, basi usivuke, endelea kusimulia. Hisia peke yake haitoshi kukuvusha, kwa sababu hisia tayari iko ndani ya tukio.

Angalieni pia alivyoliacha tukio kabla halijaisha. Katika mswada wa kwanza mama alilia, bwana akaondoka, hatukumwona tena. Mlango ulifungwa kabisa, na baada ya mlango kufungwa fikra yoyote inayofuata huonekana kama mahubiri baada ya mazishi. Katika mswada wa pili tunaondoka wakati agizo limetolewa na mama hajajibu. Msomaji anaingia katika fikra akiwa na deni la kudai. Atasoma aya nzima ya fikra kwa sababu anataka kurudi.

Na lazima arudi. Hapa ndipo wengi wanaojua kwenda hushindwa. Wanavuka vizuri kuja leo, kisha ili kurudi wanaandika "Basi, tukirudi kwenye kisa chetu," kama msimulizi wa redio baada ya tangazo la biashara. Au wanarudi kwa -ka- ghafla, "Mama akamwuliza," na -ka- ile haina tendo la nyuma la kulipokea, kwa kuwa tendo la nyuma lilikuwa la mjukuu na tochi. Kwa nukta moja msomaji anadhani mama ndiye amemwuliza mjukuu.

Sikilizeni alivyorudi:

"Mama hakuwa amemjibu. Alikuwa bado amesimama kizingitini, leso ameikaza kiunoni, mkono mmoja juu ya gurudumu lililokuwa halijaacha kuzunguka. 'Utairudia lini?' akauliza. Mwenye duka akashika vishikio vya toroli, akaligeuza."

Kinachotenda kazi hapa ni vitenzi viwili viwili: hakuwa amemjibu, alikuwa amesimama, lililokuwa halijaacha. Kitenzi cha mbele kinatuweka zamani, cha nyuma kinatuambia hali ilivyokuwa tulipoingia. Havisogezi kisa mbele. Vinatupa nafasi ya kusimama, kutazama nani yuko wapi, kisha ndipo -ka- inapoanza tena kutembea: akauliza, akashika, akaligeuza. Nawaomba muuzingatie mpangilio huu. Kwanza hali, kisha mwendo. Sentensi moja au mbili za hali zinatosha. Zikifika tano, kisa kimelala.

Na lile gurudumu. Sisi tumesoma aya nzima iliyobeba zaidi ya miaka 50, mama amezeeka, mjukuu amezaliwa, na tunaporudi gurudumu bado linazunguka. Kwa hilo msomaji anajua, bila kuambiwa, kwamba kule Walukuba hata dakika haikupita. Ukitaka kumrudisha mtu mahali palepale, mwachie kitu kilichokuwa katika mwendo ulipoondoka: moshi ambao haujatawanyika, chai ambayo bado inafuka, mtu aliyenyanyua mguu. Ukitaka kumrudisha baadaye kidogo, fanya kinyume, mwonyeshe kitu kilichokwisha: chai imepoa, taa zimewashwa. Nimemsifu mwanamama huyu mbele yake na leo namsifu mbele yenu, kwa sababu gurudumu lile aliliona mwenyewe. Mimi sikumwambia.

Kuna jambo dogo jingine katika aya hizi ambalo huenda halikuwagonga masikio, nalo ni vionyeshi. Katika tukio, mtoto aliyeona anasema "yule bwana". Katika fikra anasema "jioni hiyo", "siku hizo". Yule na ile ni vya mbali, vya kitu ninachokiona kwa macho ya kumbukumbu. Hiyo na hizo ni vya kitu ambacho wewe na mimi tumekwisha kukitaja, tunakizungumzia. Kuna na hii, ya kitu kilicho mbele yangu sasa. Mwandishi aliye makini hupanda ngazi hiyo taratibu: cherehani ile ndani ya tukio, cherehani hiyo anapoanza kuifikiria, cherehani hii anapofika leo na kuweka mkono juu yake. Mwandishi asiye makini huandika ile mahali pote, na msomaji hubaki mbali mahali pote. Mkitaka kujaribu, chukueni ukurasa wenu mmoja mpigie mstari kila kionyeshi. Mtaona wenyewe mahali mlipobadilisha wakati na kionyeshi kikabaki nyuma.

Hapa Uganda tuna ugumu wetu mmoja, na nausema kwa upendo kwa kuwa ninasikia Kiswahili chetu kila siku, hapa Jinja, kule Busia, na pale Bombo. Katika mazungumzo ya haraka wengi wetu tumeacha -ka-. Tunasema, "Nilienda sokoni nilinunua samaki nilirudi nilipika." Katika mazungumzo hakuna shida, sauti na mkono vinasaidia. Lakini kwenye karatasi, ukisimulia tukio zima kwa -li-, umeupoteza ule mlolongo, na ukiupoteza mlolongo umepoteza pia ishara ya kukatika kwake. Unapofika kwenye fikra na kuandika "nilikuwa na miaka tisa", nayo ni -li-, msomaji hana la kumwonyesha kwamba tukio limesimama. Ndiyo maana waandishi wa namna hii hulazimika kutangaza kila mara, "nikikumbuka sasa", "nikitazama nyuma". Kosa haliko kwenye matangazo hayo. Liko aya moja nyuma, kwenye masimulizi yasiyo na -ka-. Walimu, tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, watoto wengi zaidi watapita mikononi mwenu. Msiwafundishe -ka- kama kanuni ya mtihani tu. Wasimulieni kisa, mkate -ka- ghafla, muwaulize wamesikia nini.

Wapo wanaosimulia tukio la zamani kwa -na-: "Mwenye duka anafika mlangoni. Anashusha cherehani." Ni njia nzuri, inaleta jambo karibu. Lakini ina gharama. Umeitumia -na- kwa jana, basi leo utaiandika kwa nini? Atakayechagua njia hiyo itambidi aweke maneno ya wakati waziwazi kila anapovuka, na itambidi avuke mara chache. Kwa kisa kirefu chenye kwenda na kurudi mara nyingi, siishauri.

Je, uvuke mara ngapi? Mzee mmoja aliniuliza hivyo wakati wa chai. Siwezi kumpa idadi, lakini kuna dalili ya kwamba umezidisha. Mpe mtu akusomee kwa sauti, wewe usiangalie karatasi, mwangalie yeye. Akianza kupunguza mwendo mwanzoni mwa kila aya, akipandisha macho kidogo kama anayetafuta kibao cha njiani, umemvusha mara nyingi mno au umemvusha vibaya. Akiuliza "lini?", simama hapo, weka alama, usimweleze. Maelezo unayotaka kumpa kwa mdomo ndiyo yaliyokosekana katika maandishi.

Jaribio jingine ninalolipenda ni la kufunika. Funika kwa kidole sentensi ya kwanza ya aya ya fikra, kisha soma kutoka mwisho wa tukio moja kwa moja hadi sentensi ya pili. Kama hakuna kilichopotea, sentensi hiyo ilikuwa ya kutangaza, ifute. Katika mswada wa kwanza wa mwanamama wetu ukifunika "Nikikumbuka siku hiyo leo" hupotezi kitu. Katika wa pili, funika "Haijakauka" uone jinsi daraja lote linavyoanguka.

Lakini ipo mivuko ambayo haipaswi kulainishwa. Nasema hivi hasa kwa wale wanaoandika juu ya miaka ya vita, na humu ukumbini mmo. Kuna kumbukumbu ambazo hazina cherehani. Hakuna kitu kilichobaki, hakuna mtu aliyebaki kukishika, na huyo wa leo hajui zaidi ya alivyojua siku ile. Ukilazimisha kitu kivuke, ukatafuta harufu au wimbo wa kuunganishia, msomaji atasikia uongo hata kama harufu hiyo ilikuwepo kweli. Hapo acha mstari mtupu. Maliza aya ya tukio mahali ilipokomea, acha nafasi ya mstari mmoja au miwili, kisha anza leo na jambo jingine kabisa: shamba, mvua, karo ya mtoto. Pengo lenyewe ndilo litakalosema. Ila mstari mtupu usiutumie kila ukurasa kwa sababu ya uchovu wa kutafuta mvuko. Ukiwa kila mahali, ule mmoja uliokuwa wa lazima hautasikika.

Nimalizie kwa aina moja ya kumbukumbu ambayo wengi mmeileta leo katika makaratasi yenu, nayo ni kumbukumbu ya mazoea. Siyo jioni moja, bali kila asubuhi, kila Ijumaa, kila likizo. Hapa kuna mtego, na jina lake ni hu-. Kiambishi hiki hakibebi wakati. "Baba huamka saa kumi na moja, huchemsha maji, huvaa viatu gizani." Ni baba wa leo au wa zamani? Msomaji atadhani wa leo. Kisha aya inayofuata inasema, "Tangu alipofariki nyumba imekuwa kimya," na msomaji anapigwa na mshtuko ambao mwandishi hakuukusudia. Kama baba hayupo, mazoea yake yaandikwe kwa vitenzi viwili viwili: baba alikuwa akiamka saa kumi na moja, akichemsha maji, akivaa viatu gizani. Hapo hu- inabaki huru kwa ajili yako wewe wa leo, nayo inakuwa mvuko mzuri sana: "Alikuwa akivaa viatu gizani ili asituamshe. Mimi huwasha taa." Tazameni, hakuna leo, hakuna sasa, hakuna nikikumbuka. Alikuwa akivaa kwa upande mmoja, huwasha kwa upande wa pili, giza na taa vinashikana mikono, na tayari tuko katika nyumba ya mtoto aliyekua, anayeweza kuanza kueleza kwa nini yeye hana haja, au hana subira, ya kutembea gizani.

Yupo atakayeamua kwa makusudi kumwandikia marehemu kwa hu-, kwa sababu kwake baba bado huamka. Nimesoma aya za namna hiyo na zimenigusa. Masharti yake ni kwamba msomaji ajue mapema, kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, kwamba mtu huyu amekufa. Akishajua, kila hu- inayofuata itabeba uzito wake. Asipojua, itakuwa ni kosa la sarufi tu machoni pake.

Karatasi ninazozigawa zina aya mbili mbili mlizoziandika wenyewe, majina yameondolewa. Kati ya aya na aya nimefuta sentensi ya kwanza ya fikra. Kaeni wawili wawili, someni tukio hadi mwisho, tafuteni kitu au kitenzi kilichomo ndani yake ambacho bado kipo leo, na muandike sentensi hiyo upya kwa -me- au -ja-. Wale ambao tukio lao limefungwa kabisa, rudini nyuma mkate sentensi ya mwisho kwanza, ndipo muanze. Mzee, karibu hapa mbele karibu na dirisha, mwanga ni mzuri zaidi.